Tarakimu moja ikibadilika: kumtungia mtihani mwanafunzi aliyekosa

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, binti mmoja wa humanite alikosa mtihani wa semesta kwa sababu ya malaria. Alirudi baada ya siku tano akiwa na karatasi ya kituo cha afya mkononi. Prefe wa masomo akaniambia nimtungie mtihani mwingine, aufanye kesho yake asubuhi. Usiku ule nilichukua karatasi ya wenzake, nikabadilisha namba huku na kule, nikaenda kulala. Swali la kwanza la wenzake lilikuwa x² − 5x + 6 = 0. La kwake nililiandika x² − 5x + 3 = 0.

Tofauti ni tarakimu moja mwishoni. Lakini katika mlinganyo wa wenzake delta, ile b² − 4ac, ni 25 − 24, yaani 1, na mizizi ni 2 na 3. Wengi hata delta hawakuitafuta, waliona tu namba mbili ambazo jumla yake ni 5 na zao lake ni 6. Katika mlinganyo wake delta ni 25 − 12, yaani 13, na 13 haina kipeuo cha pili ambacho ni namba nzima. Jibu sahihi ni (5 + √13)/2 na (5 − √13)/2. Yeye alipofika kwenye 13 alidhani amekosea. Niliyaona hayo baadaye nikisahihisha: delta imeandikwa, imekatwa kwa kalamu, imeandikwa tena pembeni, imekatwa tena. Swali la mwisho, ambalo lilikuwa na pointi nyingi, alilianza kwa mistari miwili, kisha muda ukamwishia.

Tangu siku ile sijatunga tena mtihani wa namna hiyo kwa kubadilisha namba tu. Hapa naeleza ninavyofanya sasa, kwa mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mwalimu mwingine asije akamfanyia mtoto nilichomfanyia binti yule.

Pointi ndizo zinazopimwa, si idadi ya maswali

Kwenye buletini zetu, somo ambalo kila kipindi lina pointi 20 huwa na mtihani wa pointi 40. Vipindi viwili na mtihani hufanya 80 za semesta. Kwa hiyo mtihani mmoja unabeba nusu ya semesta nzima, na pointi za aliyeufanya baadaye zinaandikwa katika safu ileile ya wenzake bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba alijibu karatasi nyingine. Anayesoma buletini ile atadhani ni mtihani uleule. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba msomaji huyo hadanganyiki.

Tuchukue mtihani wa pointi 40 juu ya milinganyo ya daraja la pili, wenye maswali matano. La kwanza ni kutatua milinganyo miwili, pointi 10. La pili ni kutafuta jumla na zao la mizizi bila kutatua, pointi 6. La tatu ni kutafuta thamani ya m inayoufanya mlinganyo uwe na mzizi mmoja uliorudiwa, pointi 8. La nne ni la jedwali la alama, yaani kutafuta ni wapi x² − x − 6 si zaidi ya sifuri, pointi 8. La tano ni fumbo la maneno kuhusu shamba, pointi 8.

Kabla ya kuandika swali lolote jipya, ninachora jedwali dogo kwenye karatasi. Mistari ni mada hizo tano. Safu ni tatu: pointi za kufuata utaratibu unaojulikana, pointi za kuchagua mwenyewe utaratibu unaofaa, na pointi za kueleza au kufasiri jibu. Katika fumbo la shamba, kwa mfano, pointi 3 ni za kutoka kwenye maneno hadi kwenye mlinganyo, 3 ni za kuutatua, na 2 ni za kuukataa mzizi hasi na kuandika vipimo pamoja na mita zake. Jedwali likikamilika, mtihani mpya ni lazima ulijaze vilevile. Mwalimu anayesema "mimi pia nimeweka maswali matano" bado hajasema kitu, kwa sababu matano yake yanaweza kuwa pointi 30 za kutatua tu na 10 za mengine yote.

Kuna jambo moja hapa ambalo walimu wenzangu wengi hawakubaliani nami. Wao husema: tulisoma pia kutafuta vigawo na kuchora mchoro wa parabola, mtihani wa kwanza haukuyauliza, basi huu wa pili uyaulize, maana yamo kwenye kozi. Mimi naona hapana. Mtihani wa kwanza ulichota sehemu ya kozi, na wanafunzi 40 wakapimwa kwa sehemu hiyo. Ukichota sehemu nyingine kwa mmoja, umempimia kitu kingine halafu umekiandika kwenye safu ya wenzake. Ni kweli kwamba huenda rafiki zake wamemwambia yaliyotoka, na hilo ni tatizo nitakalolirudia, lakini dawa yake si kubadilisha mada.

Ugumu unakaa kwenye hatua

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo nilipokosea mimi. Ukitazama swali kwa nje unaona namba, herufi na maneno. Mwanafunzi anayelijibu anapita hatua, moja baada ya nyingine, na kila hatua ni mahali anapoweza kukwama. Maswali mawili yana ugumu uleule kama yana hatua zilezile, mitego ileile, na majibu ya aina moja.

Swali la kwanza la mtihani wetu lina mlinganyo 2x² − 7x + 3 = 0. Delta yake ni 49 − 24, yaani 25. Mizizi ni 3 na 1/2. Kwa hiyo mwanafunzi anakutana na mambo manne: namba iliyo mbele ya x² si 1, namba ya katikati ni hasi na hivyo atapaswa kuigeuza alama, delta ni mraba kamili, na jibu moja ni namba nzima huku jingine likiwa sehemu. Sasa natafuta ndugu yake. Nikiandika 2x² − 9x + 4 = 0, delta ni 81 − 32, yaani 49, na mizizi ni 4 na 1/2. Mambo yote manne yapo. Huyo ni ndugu wa baba na mama mmoja.

Lakini ningeweza kwa urahisi kuandika 2x² + 7x + 3 = 0. Delta ni 25 ileile. Namba zote ni zilezile. Mizizi, hata hivyo, ni −3 na −1/2, na mtego umehama: hakuna tena kugeuza −7 kuwa 7, bali kuna kujumlisha na kutoa kuanzia −7, kazi inayowakosesha watoto wengine kabisa. Au ningeandika 6x² − 7x + 2 = 0. Delta inakuwa 49 − 48, yaani 1, jambo linaloonekana jepesi, lakini mizizi yote miwili ni sehemu, 2/3 na 1/2, na kuna kurahisisha 8/12 na 6/12 njiani. Kwa hiyo ninapotunga sianzi na mlinganyo. Naanza na mizizi ninayoitaka, kisha narudi nyuma kuujenga mlinganyo. Mizizi 4 na 1/2 inanipa (x − 4)(2x − 1), nikifungua mabano napata mlinganyo wangu, na ninajua tangu mwanzo kitakachotokea mwishoni.

Mlinganyo wa pili wa swali lile ni x² − 4x + 1 = 0, ambao delta yake ni 12 na mizizi ni 2 + √3 na 2 − √3. Huu uliwekwa makusudi ili kuona nani anajua kurahisisha √12. Ndugu yake anaweza kuwa x² − 6x + 4 = 0: delta ni 20, √20 inarahisishwa kuwa 2√5, na mizizi ni 3 + √5 na 3 − √5. Angalia kwamba delta isiyo mraba kamili si kosa. Kosa langu la zamani lilikuwa kuiweka mahali ambapo wenzake hawakuwa nayo, tena bila pointi zake.

Swali la pili, la jumla na zao la mizizi, sina mengi ya kusema juu yake. Weka namba za ukubwa uleule na alama zilezile, inatosha.

Swali la tatu ndilo linalonasa hata walimu wazoefu. Wenzake waliulizwa: tafuta m ili x² − 6x + m = 0 uwe na mzizi mmoja uliorudiwa. Delta ni 36 − 4m, inawekwa sawa na sifuri, m ni 9. Mwalimu anayetaka kubadilisha kidogo anahamisha m katikati: x² − mx + 9 = 0. Inaonekana ni swali lilelile, hata jibu linafanana na namba zilizokuwepo. Lakini sasa delta ni m² − 36, na m inaweza kuwa 6 au −6. Mlinganyo mwepesi wa m umekuwa mlinganyo wa daraja la pili, una majibu mawili, na watoto wengi wataandika 6 na kunyamaza. Wenzake walipata pointi 8 kwa jibu moja, yeye kwa jibu lilelile atapata labda 5. Ndugu wa kweli ni x² − 10x + m = 0, ambapo m ni 25.

Katika swali la nne, x² − x − 6 ina mizizi −2 na 3, na jibu ni namba zote kuanzia −2 hadi 3, mipaka ikiwemo. Naweza kuweka x² − 2x − 8, yenye mizizi −2 na 4, kwa alama ileile ya "ndogo kuliko au sawa na". Nisiweke −x² + x + 6 yenye alama ya "kubwa kuliko au sawa na". Kihesabu jibu halibadiliki hata kidogo, lakini jedwali la alama linageuka, maana sasa namba iliyo mbele ya x² ni hasi, na mwanafunzi aliyekariri kwamba kati ya mizizi alama huwa ni ya kutoa ataanguka. Nisiondoe pia ile "au sawa na", kwa sababu kuandika mipaka kwa mabano sahihi ni pointi moja katika usahihishaji.

Limebaki fumbo. Wenzake waliulizwa hivi: shamba la mstatili lina eneo la mita za mraba 84, na urefu unazidi upana kwa mita 5, tafuta vipimo vyake. Mlinganyo ni x² + 5x − 84 = 0, delta ni 361, kipeuo chake ni 19, mizizi ni 7 na −12. Upana hauwezi kuwa −12, kwa hiyo shamba lina mita 7 kwa 12. Kwa fumbo la maneno kila mwalimu anataka kubadilisha hadithi, na mimi pia nabadilisha, kwa sababu hadithi ndiyo inayosambaa haraka kati ya wanafunzi. Lakini hadithi inabeba hisabati yake. Nikisema "tafuta namba mbili zinazotofautiana kwa 5 na ambazo zao lake ni 84", mlinganyo ni uleule, ila sasa jozi ya 7 na 12 ni sahihi na jozi ya −12 na −7 pia ni sahihi. Hatua ya kuukataa mzizi hasi imetoweka, na mahali pake pamekuja kukubali jozi mbili. Nikisema boti inavuka kilomita 100 ziwani, na ingeongeza mwendo kwa kilomita 5 kwa saa ingefika saa moja mapema, napata mwendo wa 20 na mlinganyo x² + 5x − 500 = 0, wenye sura ileile kabisa. Lakini ili kuufikia, mwanafunzi anapaswa kuandika 100/x na 100/(x + 5), kutoa, kutafuta kigawe kimoja na kufungua. Pointi 3 za kuunda mlinganyo zimekuwa kazi ya pointi 6. Naacha boti. Nachukua kitambaa cha mstatili chenye eneo la desimita za mraba 96, urefu ukizidi upana kwa desimita 4: x² + 4x − 96 = 0, delta ni 400, kipeuo chake ni 20, mizizi ni 8 na −12, jibu ni 8 kwa 12. Hadithi imebadilika, mifupa ni ileile.

Niongeze kwamba watoto wetu wanajibu kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wao hawaongei nyumbani. Kama wenzake walisomewa fumbo la sentensi mbili fupi, asipewe la sentensi nne zenye maneno mapya. Kitenzi kilichobeba ile "kuzidi kwa" nakiacha vilevile kilivyokuwa, neno kwa neno.

Karatasi za wenzake zinasema ugumu uko wapi

Mwalimu anayetunga mtihani wa pili ana kitu ambacho hakuwa nacho alipotunga wa kwanza: rundo la karatasi zilizokwisha kujibiwa. Kwa kila swali, jumlisha pointi walizopata wote, gawa kwa idadi yao, kisha gawa tena kwa pointi za swali. Tuseme wanafunzi 40 walipata wastani wa 7 kati ya 10 katika swali la kwanza, 4.8 kati ya 6 katika la pili, 4.4 kati ya 8 katika la tatu, 4 kati ya 8 katika la nne, na 2.8 kati ya 8 katika fumbo. Urahisi wa maswali hayo ni 0.70, 0.80, 0.55, 0.50 na 0.35. Jumla ya wastani ni 23 kati ya 40.

Hesabu hiyo haikuambii urahisi wa maswali mapya, maana hakuna aliyeyajibu. Inakuambia tu mahali pa kuangalia kwa makini. Fumbo lenye 0.35 ndilo la kusoma upya. Chukua karatasi kumi, zisizochaguliwa, usome jibu la fumbo peke yake na kuandika kila mmoja alikwama wapi. Ukiona saba kati ya kumi walishindwa kuunda mlinganyo, basi katika swali jipya hatua hiyo ndiyo usiyoweza kuigusa: isiwe nyepesi wala nzito zaidi. Ukiona waliunda mlinganyo vizuri ila wakaandika upana ni −12, basi hatua ya kukataa mzizi ndiyo ya kulindwa.

Baada ya hapo mpe mwenzako karatasi zote mbili bila kumwambia ipi ni ya nani. Mimi nampa mwalimu wa fizika, kwa sababu anaijua hesabu lakini hajui nilichofundisha wiki ile. Anajibu zote mbili akiangalia saa. Dakika zake zisitazamwe kama za mwanafunzi; cha kutazama ni uwiano. Kama ya kwanza ilimchukua dakika 18 na ya pili 26, kuna kitu kimejificha, na mara nyingi ataonyesha mwenyewe ni wapi. Kisha namuuliza swali moja kwa kila kipengele: fikiria wanafunzi kumi wa aina ya yule anayefika nusu kwa taabu, wangapi watakipata hiki? Mtindo huo wa kuuliza unahusishwa na Mmarekani William Angoff, aliyeueleza mwaka 1971 kwa ajili ya kuweka mpaka wa kufaulu, lakini unafaa pia kulinganisha karatasi mbili. Akisema sita kwa swali la kwanza la karatasi moja na tatu kwa ndugu yake wa karatasi nyingine, nalitunga upya. Akisema sita na tano, naliacha.

Njia bora kuliko zote ni kutunga karatasi mbili tangu mwanzo, kabla mtu yeyote hajaugua, na kuzigawa kwa kupishana madawati siku ya mtihani. Hapo wastani wa karatasi moja na wa nyingine unakuonyesha kama kweli ni ndugu, na siku ya aliyekosa unatunga ya tatu ukiwa unajua ni mabadiliko gani hayakuleta madhara. Wanaonakiliana nao wanapata shida. Gharama yake ni usiku mmoja zaidi wa kazi na fotokopi za karatasi mbili, jambo ambalo si kila shule inalimudu.

Njia isiyofaa kutumiwa ni kuwapa wanafunzi wa darasa lile lile maswali mapya kama zoezi ili "kuyajaribu". Wameshafanya mtihani, na pengine mmeshausahihisha ubaoni, kwa hiyo watayapata kwa urahisi ambao mgonjwa wako hatakuwa nao. Juu ya hilo, jioni ile ile maswali yatakuwa kwenye simu zao.

Siku yenyewe

Hapo narudi kwenye tatizo la rafiki waliokwisha kuongea. Tuchukulie kwamba aliyekosa ameiona karatasi ya kwanza. Mara nyingi picha yake iko kwenye WhatsApp kabla ya saa sita mchana. Kama yako inafuata mpangilio uleule, swali kwa swali, atakumbuka kwamba la tatu ni "weka delta sawa na sifuri" hata kabla ya kulisoma. Kwa hiyo nabadilisha mpangilio wa yale ya katikati, herufi (m inakuwa k), na hadithi ya fumbo. La kwanza naliacha libaki lile jepesi, kwa sababu wenzake nao walianza na jepesi, na mtoto aliyetoka kitandani akianza na gumu anaweza kupoteza utulivu wa saa nzima. Muda ni uleule. Kama wenzake walinakili maswali kutoka ubaoni, naye anakili, au nampunguzia dakika zile walizotumia kunakili. Kama walifanya asubuhi, afanye asubuhi.

Na kuna kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau. Siku ya mtihani wa darasa, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono akauliza, "Mwalimu, kwenye shamba, upana ndio x?" nami nikajibu mbele ya wote kwamba wachague wenyewe lakini waandike walichokichagua. Wote 40 walisikia. Aliyekosa hakuwepo. Siku hizi kila ufafanuzi ninaoutoa darasani nauandika pembeni ya karatasi yangu ya majibu, na ninamsomea anayefanya baadaye katika dakika ileile ya mtihani.

Usahihishaji nao una mtego wake. Mwalimu anayesahihisha karatasi moja peke yake, wiki mbili baadaye, huwa mkali zaidi au mpole zaidi kuliko alivyokuwa siku ya karatasi 40. Natoa tatu za zamani, moja dhaifu, moja ya kati na moja nzuri, nazisoma zote pamoja na pointi nilizotoa, ndipo nachukua ile mpya. Kama kwa wenzake nilitoa pointi 2 kwa delta sahihi hata jibu likiharibika, naye anazipata.

Wapo wanaosema aliyekosa apewe mgumu kidogo kwa kuwa amepata siku za ziada za kusoma. Siku tano za homa si siku za kusoma, na hata kama zingekuwa, pointi za hesabu hazikuwekwa ili kupima nani alikuwa na siku ngapi. Kama hakuwa na sababu ya kukosa, hilo ni la prefe wa masomo na kanuni za shule, na lishughulikiwe huko, lisifichwe ndani ya delta.

Kisichowezekana

Hata karatasi mbili zikiwa ndugu kweli, mtoto mmoja akizifanya zote mbili hatapata pointi zilezile. Tuseme katika darasa pointi zimetawanyika kwa mchepuko wa 8 kuzunguka wastani, na mtihani una uthabiti wa 0.8, kipimo cha kuanzia 0 hadi 1 kinachoonyesha jinsi matokeo yangejirudia, ambao kwa mtihani wa mwalimu ni mzuri. Makosa ya kawaida ya upimaji ni 8 × √(1 − 0.8), karibu pointi 3.6. Kwa hiyo aliyepata 18 katika mtihani wa baadaye angeweza kupata 21 katika ule wa kwanza, au 15, bila yeye wala mwalimu kuwa na kosa. Mwanafunzi mmoja hatoshi kukuonyesha kama karatasi yake ilikuwa ngumu zaidi. Akianguka, huenda karatasi ilikuwa ngumu, huenda hajui, huenda bado ana homa. Ndiyo maana kazi yote inafanyika kabla, na simwongezei pointi mbili "kwa kuhisi" baada ya kuona matokeo.

Isipokuwa kosa likionekana waziwazi kwenye swali lenyewe. Hapo sipendi kulifuta na kupiga hesabu juu ya pointi zilizobaki, maana mada nzima inatoka kwenye mtihani wake na mizani ya jedwali inaharibika. Namwita ajibu swali jingine la mada ileile, kwa dakika zilezile.

Kwa binti yule wa malaria kulikuwa na maswali mawili ya kurudia: lile la 13, na fumbo la mwisho ambalo hakulimaliza kwa sababu lile la 13 lilimla muda. Nilimweleza prefe kosa langu, nikaomba nusu saa ya asubuhi. Nilimpa x² − 7x + 12 = 0 na fumbo jipya la mstatili. La kwanza alilimaliza bila kuandika delta, 3 na 4 zikiwa zimeandikwa pembeni kwa penseli kabla hajashika kalamu.